Hemoglobini 18.6 kwa mvutaji sigara: ni maji, ni moshi, au ni uboho?

*"Daktari, nina miaka 47, naishi Arusha, ni dereva wa lori. Navuta sigara kama 30 kwa siku, mwaka wa 22 huu. Nimepima afya, karatasi inasema HGB 18.6, HCT 56, RBC 6.02, MCV 93, WBC 11.4, PLT 270. Oksijeni ya kidoleni ilisoma 97. Natumia dawa ya presha ya kukojoza. Nimeambiwa damu ni nzito kwa sababu sinywi maji, ninywe lita nne kila siku. Jirani anasema nina damu nyingi, nikachangie. Nani yuko sahihi? Au ni saratani?"*

Pole kwa hofu, ndugu yangu. Nianze na neno lililokunyima usingizi. Kwa namba ulizoandika, saratani ya damu siyo maelezo ya kwanza ninayoyafikiria. Hata hivyo sitaifuta kwa kukisia, kwa sababu kipo kipimo cha kuifuta na nitakieleza. Aliyekuambia unywe maji ana kipande cha ukweli, ila ni kipande kidogo. Jirani yako anakutakia mema, lakini nakuomba usichangie damu kwanza mpaka vipimo vikamilike.

Damu ikiwekwa kwenye kichupa na kuzungushwa kwa kasi, chembe nyekundu hushuka chini na juu hubaki plazma, majimaji yenye rangi ya njano hafifu. HCT, yaani hematokriti, ni sehemu ya kichupa iliyojaa chembe nyekundu. Kwako ni 56 katika kila 100. HGB ni gramu za hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, katika kila desilita ya damu. Namba zote mbili ni uwiano, na hapo ndipo watu wanapopotea. Fikiria sufuria ya uji. Uji unaweza kuwa mzito kwa sababu umeongeza unga, au kwa sababu umechemka mno na maji yamepungua. Ukiuchota kwa kijiko tu huwezi kujua lipi limetokea. Karatasi yako ni hicho kijiko: inasema uji ni mzito, haisemi kwa nini.

Kwa mwanaume, HGB ikizidi 16.5 au HCT ikizidi 49 tunalazimika kutafuta sababu. Wewe umepita mipaka yote miwili, na si kwa kidogo.

Sasa tupime maelezo ya maji kwa hesabu. Mwanaume wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Tuseme zamani HCT yako ilikuwa 45. Maana yake ulikuwa na lita 2.25 za chembe nyekundu na lita 2.75 za plazma. Ili ufike 56 bila kuongeza hata chembe moja, zile lita 2.25 lazima ziwe asilimia 56 ya damu yote, na hilo hutokea damu yote ikibaki lita 4.02. Chembe hazijapungua, kwa hiyo kilichopotea ni plazma, karibu lita nzima, zaidi ya theluthi ya plazma yako. Tena mwili haukubali plazma ipungue peke yake, huvuta maji kutoka kwenye nyama na ngozi ili kuilinda. Ukiona lita nzima ya plazma imekwenda, ujue mwili kwa jumla umepoteza lita kadhaa.

Mtu wa namna hiyo hajiendeshei lori hadi kliniki. Macho yameingia ndani, mapigo yanakimbia, akisimama anaona giza, mkojo wa siku nzima ni kidogo na una rangi ya chai ya rangi. Ndivyo anavyokuwa mgonjwa wa kuharisha sana. Kama hukuwa hivyo siku ile, basi ukosefu wa maji hauwezi kuwa umefanya kazi yote. Unaweza kueleza pointi mbili tatu za HCT. Hauwezi kueleza 11.

Upungufu wa maji pia huacha alama kwenye vipimo vingine, na ndiyo maana daktari hatazami karatasi moja. Albumini, ile protini kuu ya plazma, hupanda kwa sababu maji yameondoka ikabaki yenyewe, na tunaishuku inapozidi gramu 50 kwa lita. Yurea hupanda haraka kuliko kreatinini, zote mbili zikiwa taka zinazochujwa na figo. Sodiamu mara nyingi hupanda nayo. Mkojo huwa mzito. Alama hizi zikikosekana zote, upungufu mkubwa wa maji haupo. Ila nikuonye kuhusu aina moja inayojificha: plazma iliyopungua kidogo kidogo kwa miezi. Dawa ya kukojoza hufanya hivyo, na sigara nayo hufanya hivyo. Albumini na yurea zinaweza kuwa sawa kabisa na bado plazma ikawa pungufu kidogo. Kwako wewe, mwenye dawa na sigara pamoja, sehemu ya ile 56 huenda imetoka hapo.

Kabla ya kwenda mbali, tuhakikishe namba zenyewe si za kosa la maabara. Kuna hesabu ndogo unayoweza kufanya mwenyewe: zidisha HGB mara 3, jibu liwe karibu na HCT. Yako ni 18.6 mara 3, sawa na 55.8. Inakubaliana na 56. Kama ingekuwa HGB 16 na HCT 56, ningeuliza damu ilikaa kwenye kichupa muda gani, kwa sababu chembe zikichelewa kupimwa huvimba na kuipandisha HCT kwa uongo. Kama ingekuwa HGB 18.6 na HCT 48, ningeuliza kama plazma ilikuwa na mafuta mengi, kwa maana mafuta huichafua mashine inapopima hemoglobini kwa mwanga. MCV yako, yaani ukubwa wa chembe, ni 93, ni ya kawaida. Kwa hiyo sampuli yenyewe naiamini.

Kosa ambalo hesabu hiyo haiwezi kulikamata ni la mkononi. Ule mpira wa kufunga mkono ukikaa zaidi ya dakika moja huku mtu anatafuta mshipa, maji ya plazma huchujika nje ya mshipa na damu iliyobaki huwa nzito. HGB na HCT hupanda pamoja, zikikubaliana vizuri tu, na zote si kweli. Vivyo hivyo kwa mtu aliyesimama foleni muda mrefu akatolewa damu mara tu alipokaa, maana plazma husogea kuelekea miguuni na kutoka nje ya mishipa.

Tuje kwenye moshi. Wengi wanaijua nikotini na lami, lakini kinachogusa hemoglobini ni kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hemoglobini huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo hata kiasi kidogo kwenye kila sigara kinatosha kukalia viti vya oksijeni. Kwa asiyevuta, hemoglobini iliyokaliwa hivyo, inayoandikwa COHb, huwa chini ya asilimia 2. Kwa anayevuta sana huwa asilimia 5 hadi 10, na wengine hupita hapo.

Tuchukue 8. Katika gramu zako 18.6, gramu 1.5 hazibebi oksijeni, zinazunguka tu. Hilo lingekuwa dogo, ila kuna ubaya wa pili. Molekuli moja ya hemoglobini ina viti vinne. Kaboni monoksaidi ikikalia kiti kimoja, vile vitatu vilivyobaki huing'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia inapofika kwenye nyama. Ni kama lori limefika sokoni na mlango wa nyuma umekwama: mzigo upo, ila haushuki vizuri.

Figo ndizo zinazohisi upungufu huo. Zina chembe maalumu zinazopima oksijeni (ufunguzi wa siri ya namna chembe zinavyohisi oksijeni ulipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2019), na zikiona haitoshi hutoa homoni iitwayo erithropoietini, kwa kifupi EPO. EPO hufika kwenye uboho, ule ute ndani ya mifupa, na kuuamuru utengeneze chembe nyekundu zaidi. Uboho hautambui kwamba tatizo ni sigara, unatii agizo tu. Huo ndio unga wa kweli kwenye uji wako. Na kwa kuwa sigara hupunguza plazma pia, mvutaji huongeza unga huku maji yakipungua. Ndiyo maana swali la "moshi au maji" kwa mvutaji mara nyingi jibu lake ni vyote viwili, na kazi ya daktari ni kujua kila kimoja kimechangia kiasi gani.

Hapa pia ndipo ile 97 ya kidoleni inapokudanganya. Kifaa cha kidoleni hutumia rangi mbili za mwanga, na kwa rangi hizo hemoglobini iliyobeba kaboni monoksaidi huonekana karibu sawa na iliyobeba oksijeni. Mtu mwenye COHb ya asilimia 10 anaweza kusoma 97 au 98. Kwa hiyo 97 yako inaniambia tu kwamba mapafu hayajaharibika sana. Haisemi lolote kuhusu moshi.

Lakini nisikupe jibu la haraka kwamba "basi ni sigara tu." Tukitazama wavutaji kwa wingi wao, pakiti moja hadi mbili kwa siku hupandisha hemoglobini kwa takribani nusu gramu, na zaidi ya pakiti mbili kwa kama gramu 0.7. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, nao huongeza kidogo, hauvuki gramu moja. Mwanaume aliyekuwa na 15.2 akiongezewa hayo yote anafika 16 na kitu. Wewe uko 18.6. Wapo wavutaji ambao mwili wao huitikia kwa nguvu kuliko wastani, na pengine wewe ni mmoja wao. Hata hivyo, pengo hilo linanizuia kuifunga faili.

Kwa hiyo njia ni hii. Ndani ya wiki moja au mbili, usisubiri miezi, rudia kipimo kwa utaratibu. Siku mbili tatu kabla yake kunywa maji kawaida, lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na usiguse pombe. Fika asubuhi, keti dakika 15 kabla ya kutolewa damu. Mwombe anayekutoa damu kwa adabu alegeze mpira mara tu damu inapoanza kutiririka. Damu ipimwe siku hiyohiyo, ikiwezekana kwenye maabara ileile. Pamoja na hiyo pimwa albumini, yurea, kreatinini, sodiamu na feritini, ambayo ni akiba ya chuma. Daktari wako anaweza kuamua kukubadilishia dawa ya kukojoza kwa majuma machache akupe ya aina nyingine, kwa mfano amlodipini, ili kuona HCT itashuka kwa kiasi gani. Usiiache mwenyewe. Presha iliyoachwa wazi kwa mtu mwenye damu nzito ni hatari kuliko namba tunayoichunguza.

COHb ina saa yake. Katika hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksaidi hutoka mwilini kwa saa 4 hadi 6, na usingizini huchelewa kidogo. Mtu aliyelala na 9 anaweza kuamka na 4 hivi, akapimwa asubuhi kabla ya sigara ya kwanza, akaambiwa moshi hauna kesi. Kwa hiyo kipimo hiki pekee kifanyike alasiri ya siku ya kawaida ya kazi, ukiwa umevuta kama unavyovuta siku zote, na saa iandikwe. Kinahitaji mashine ya gesi za damu inayotenganisha aina za hemoglobini, ambayo haipo kila hospitali. Uliza hasa kama karatasi yao hutoa neno COHb. Pasipo mashine hiyo, kuna kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima gesi hiyo kwenye pumzi. Asiyevuta huwa chini ya 6 au 10 kwa kipimo cha ppm, na mvutaji wa kiwango chako aghalabu huvuka 20. COHb ikiwa 5 au zaidi, moshi una hoja. Ikiwa chini ya 2 kwa saa sahihi, moshi hauwezi kubeba lawama, tutafute kwingine.

Wewe ni dereva, kwa hiyo naongeza jambo moja. COHb ikitoka kubwa mno, tuseme 14, usiiweke yote kwenye sigara. Fundi akague bomba la moshi na sakafu ya kabini, maana bomba lililotoboka chini ya kiti hupenyeza gesi hiyohiyo. Angalia pia kama unalala kabini injini ikinguruma, au kama nyumbani mnapikia mkaa ndani. Na kama jioni unavuta shisha, ihesabu: mkaa wake hutoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko sigara, na watu wengi hawaisemi kwa daktari kwa kuwa hawaioni kama ni kuvuta.

Halafu vipimo viwili vya kutazama uboho: EPO na JAK2. Mantiki yake ni nyepesi. Uboho unaotii agizo huwa na EPO iliyo kawaida au iliyopanda. Uboho uliojiamulia, ule wa ugonjwa uitwao polisithemia vera, hutengeneza chembe bila kuagizwa, kwa hiyo figo huzima homoni yao na EPO hushuka chini ya kiwango. Ugonjwa huo ndio aina ya saratani ya damu unayoiogopa, ni ya polepole na ina matibabu. Karibu asilimia 95 ya walio nao wana badiliko moja kwenye jeni, linaloandikwa JAK2 V617F, na linapimwa kwa damu ya kawaida ya mkononi. Wengi wa waliobaki wana badiliko jirani kwenye jeni hiyohiyo, sehemu iitwayo ekzoni ya 12, ambalo hutafutwa pale EPO iko chini na kile cha kwanza hakikuonekana.

Je, kipimo hiki kina haja kwa mtu anayevuta sigara 30? Kwa HCT ya 56 nasema ndiyo, hasa ikirudiwa na bado iko juu. Kosa ninalolipinga zaidi ni kumwambia mvutaji "ni sigara" kisha asipimwe, kwa sababu polisithemia vera haimwachi mtu eti kwa kuwa anavuta, na mwenye ugonjwa huo akiwa pia mvutaji ndiye aliye karibu zaidi na kiharusi. Ni kipimo cha bei, na mara nyingi sampuli husafirishwa kutoka hospitali za kawaida. Omba barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa damu, aamue yeye.

Kwako dalili zinaelemea upande wa moshi. PLT, yaani chembe sahani zinazogandisha damu, ni 270, ni ya kawaida, wakati katika polisithemia vera mara nyingi hupanda. WBC 11.4 isikutishe, sigara yenyewe hupandisha chembe nyeupe kidogo. Lakini jiulize haya: unawashwa mwili mzima baada ya kuoga, hasa maji ya moto, bila vipele? Viganja au nyayo huwaka moto na kuwa vyekundu? Unashiba upesi, kuna uzito chini ya mbavu za kushoto, ambako bandama hukaa? Umewahi kuganda damu mguuni au tumboni? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, JAK2 haina mjadala.

Yapo mengine yanayoweza kuagiza chembe, na daktari atayapitia kwa maswali kabla ya mashine. La kwanza kwa dereva ni usingizi. Mwenzako wa kulala anakusikia ukikoroma kisha kimya, kisha unashtuka ukitafuta hewa? Unasinzia kwenye usukani mchana? Pumzi inayokatika usiku hushusha oksijeni mara nyingi mno, na figo huitikia vilevile. Hili lichunguzwe mapema hata kama HCT ingekuwa ya kawaida, kwa sababu ya barabara. Mapafu yapimwe kwa kupuliza, kwani miaka 22 ya sigara huweza kuyabana bila wewe kugundua. Ultrasaundi ya tumbo itazame figo, ini na bandama. Uvimbe wa figo au wa ini unaweza kutoa EPO wenyewe, na katika eneo letu lenye homa ya ini B nyingi, siuachi upande wa ini. Taja dawa zote: sindano za testosteroni au za kujenga misuli, na zile dawa za kisukari na moyo zenye majina yanayoishia "gliflozini", zote hupandisha HCT.

Tuone namna matokeo yanavyosomeka. Tuseme umerudia kwa utaratibu, ukapata HGB 17.8 na HCT 53.5. Albumini 44, yurea na sodiamu sawa. COHb ya saa kumi jioni ni 8. EPO iko katikati ya kiwango, JAK2 V617F haipo, ultrasaundi safi, hukoromi. Ningesoma hivi: mpira, maji na kusimama vilichangia pointi 2.5, na hizo zimeondoka. Zilizobaki ni chembe za kweli na plazma iliyopungua kwa sigara na dawa, na aliyeagiza chembe hizo ni kaboni monoksaidi. EPO ya katikati peke yake haithibitishi kitu, lakini pamoja na JAK2 isiyokuwepo inatosha kuuacha uboho. Sasa geuza: HGB 18.4, COHb 7, lakini EPO iko chini na MCV imeshuka hadi 76 huku RBC, yaani idadi ya chembe nyekundu, ikifika milioni 7. Hapo moshi upo na bado si jibu. Uboho umetumia chuma chote kwa kazi usiyoiagiza, na safari ni ya kwa bingwa wa damu wiki hiyohiyo.

Ikiwa ni moshi, dawa yake ni kuacha kuvuta, na matokeo yake hufuata kalenda unayoweza kuifuatilia. Kaboni monoksaidi huisha ndani ya siku moja au mbili. Plazma huanza kurudi kwa siku hadi majuma machache, ndiyo maana HCT mara nyingi hushuka mapema kuliko mtu anavyotegemea. Chembe nyekundu zenyewe huishi kama siku 120, kwa hiyo rudia picha ya damu baada ya miezi 3. Kushuka kutoka sigara 30 hadi 15 hakuleti nusu ya faida, kwa sababu mwili unaodai nikotini huvuta kila sigara kwa kina zaidi na gesi inabaki karibu palepale. Afadhali nikotini ije kwa njia nyingine: bandiko la ngozi la miligramu 21 kwa siku kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2, chini ya maelekezo ya daktari au mfamasia, hasa kwa kuwa una presha. Bandiko halina kaboni monoksaidi.

Zile lita nne sizipendi kwako. Maji hayaui chembe nyekundu, na ukiwa kwenye dawa ya kukojoza maji mengi kupita kiasi yanaweza kushusha sodiamu hadi kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Si hali ya kuwa nayo ukishuka mteremko wa Kitonga na mzigo. Kunywa kiasi nilichotaja, ongeza siku za jua kali.

Na kuchangia damu. Chupa moja ya mililita 450 ingekushusha pointi kama tatu kwa muda, lakini moshi ungeendelea kuagiza na uboho ungejaza tena. Kibaya zaidi, ungepoteza zaidi ya miligramu 250 za chuma na kuvuruga EPO na feritini kabla hatujazisoma. Kupunguza damu hospitalini kupo, kwa mpango wa daktari. Kwenye polisithemia vera ni tiba ya msingi: utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliowekwa chini ya HCT 45 walipata vifo vya moyo na mishipa na kuganda kwa damu kwa uchache, wakati walioachwa kati ya 45 na 50 walipata mara nne hivi. Namba hiyo ya 45 ni ya ugonjwa huo, haikupimwa kwa wavutaji wasio nao. Kwa mvutaji tunafikiria kutoa damu pale HCT iko 56 au juu na ana dalili kama kizunguzungu, kichwa kizito au uoni wa ukungu, au pale damu imekwishamganda.

Usisubiri miadi yoyote ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, maneno yanakwama, jicho moja limezimika ghafla, kifua kinabana, pumzi imekatika bila sababu, au mguu mmoja umevimba na kuuma. Egesha gari, mwambie utingo, nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo ukiwa na karatasi yako ya HCT mkononi. Damu kwenye mkojo haihitaji king'ora, lakini isipite wiki bila ultrasaundi ya figo na kibofu, kwa sababu kwa mvutaji hiyo ni dalili inayojitegemea.